Nyumba Tatu na Watoto Watatu: Ulinganisho wa Mabibo, Goba na Kimara kwa Familia Inayotafuta Pa Kupanga

Mwezi wa Oktoba mdogo wangu wa kike na mumewe walipewa miezi miwili kuondoka katika nyumba waliyokuwa wakiishi Buguruni, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameiuza. Wana watoto watatu. Wa kwanza ana miaka tisa na alikuwa darasa la tatu. Wa pili alikuwa anakaribia miaka sita na alitakiwa kuanza darasa la kwanza Januari. Wa mwisho ana miaka miwili. Baba anafanya kazi dukani Kariakoo na hurudi usiku, mama ni muuguzi wa zamu katika kituo cha afya huko Magomeni, na nyumbani kuna binti anayewasaidia kazi. Nilizunguka nao wiki tatu kutazama nyumba, na mwisho zilibaki tatu: sehemu ya nyumba ya wapangaji wengi Mabibo, nyumba ya kujitegemea yenye ukuta Goba, na vyumba katika ghorofa ya pili ya jengo la wapangaji Kimara.

Nazilinganisha hapa kwa mambo matatu ambayo kila mzazi huyauliza, yaani kama watoto wanapokelewa, kama mahali ni salama, na kama kuna shule karibu. Katika kuyauliza niligundua kwamba yote matatu hukutana katika saa zile ambazo mtoto ametoka shule na mzazi hajarudi. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili, katika shule nyingi za serikali, huruhusiwa kabla ya saa saba mchana. Wa darasa la nne hutoka saa nane au saa tisa. Na mama mwenye zamu ya mchana hafiki nyumbani kabla ya usiku. Kwa hiyo kila nyumba niliipima kwa kujiuliza kuanzia saa sita mchana hadi jioni watoto hawa watakuwa wapi, wakitazamwa na nani, na wakikanyaga nini.

Kuhusu kukubaliwa kwa watoto

Swali la kawaida, "Watoto mnakubali?", halina faida kubwa likiulizwa kwa dalali. Dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja pale tu mpangaji anapoingia, na baada ya hapo ugomvi wa watoto na mwenye nyumba haumhusu tena. Madalali wote watatu walijibu kwamba watoto hawana shida. Majibu ya kweli yalikuja pale tulipozungumza na wenye nyumba wenyewe, na yalikuja kwa njia ya maswali madogo ambayo hayakutaja kabisa neno kukubali.

Mabibo, mama mwenye nyumba anaishi upande wa mbele, na nyuma kuna familia tatu zinazotumia uani mmoja, bomba moja na vyoo viwili vya nje. Baada ya shikamoo na marahaba, aliuliza watoto ni wangapi, akatajiwa watatu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza umri wa mdogo. Shemeji alidhani amekataliwa. Mimi nikamuuliza mama yule bili ya maji inagawanywaje. Akaeleza kwamba hugawanywa kwa vichwa, kwamba mtoto aliyezidi miaka mitano huhesabiwa nusu mtu, na kwamba anayebebwa mgongoni hahesabiwi, lakini familia yenye mtoto wa nepi huongeza kidogo kwa hiari yake. Nyumba ambayo imekwisha kuamua mtoto ahesabiwe vipi katika maji ni nyumba ambayo imewahi kuishi na watoto, ikagombana, ikapatana. Kanuni hiyo iliniridhisha kuliko ambavyo ningeridhishwa na maneno ya ukarimu.

Tulirudi tena pale siku ya kazi saa kumi na moja jioni bila kumwambia dalali. Uani kulikuwa na watoto wanne wakicheza mdako, na kwenye kamba kulikuwa na sare za shule za rangi mbili tofauti, jambo lililotueleza pia kwamba watoto wa nyumba ile wanasoma katika shule zaidi ya moja. Mmoja wa wapangaji alitueleza sababu iliyomwondoa aliyetangulia: walishindwana kuhusu zamu za kusafisha vyoo, na watoto wake wakatupiwa lawama kila choo kilipokutwa kichafu. Hiyo ndiyo kasoro ya kweli ya nyumba za namna hii. Mtoto hukubaliwa, lakini kila kosa lisilo na mwenyewe huwekwa mgongoni mwa mtoto wa mpangaji mpya, na mzazi ambaye hayupo mchana hawezi kumtetea.

Goba hali ni kinyume. Mwenye nyumba anaishi mbali, haulizi habari za watoto, na alisema kwa simu kwamba anachotaka ni kodi ilipwe kwa wakati. Hapo watoto wanaruhusiwa kwa sababu hakuna mtu wa kuwakataa. Uwanja ni mkubwa, wanaweza kupiga mpira na kuchora kuta za nyuma, na hakuna atakayelalamika. Lakini uhuru ule una upande wake wa pili, nao ni kwamba saa sita mchana ndani ya ukuta ule kutakuwa na binti wa kazi wa miaka kumi na tisa na watoto wawili, geti limefungwa kwa ndani, na jirani wa karibu hawezi kuona wala kusikia kitu.

Kimara palituchukua muda mfupi. Mwenye jengo alisema anapokea familia ndogo, na tulipomwomba afafanue udogo alisema mtoto mmoja au wawili waliokwisha kuingia shule. Kisha, kama anayefanya hisani, akasema kwamba watatu nao anaweza kuwakubali endapo wataweka dhamana ya kodi ya mwezi mmoja kwa ajili ya uharibifu wa kuta. Sipingi dhamana yenyewe, kwani rangi ni gharama na watoto wana kalamu. Ninachopinga ni dhamana isiyo na orodha. Kama hali ya kila ukuta, kila kitasa na kila kioo haikuandikwa na kupigwa picha siku ya kuingia, pande zote mbili zikiwapo, basi siku ya kutoka mpangaji hatakuwa na cha kuonyesha, na fedha ile haitarudi. Tulipoomba orodha hiyo, mzee yule alikasirika.

Jambo moja linahitaji kuandikwa kwenye mkataba kwa nyumba yoyote ile, nalo ni idadi ya wakazi. Mikataba mingi ya Dar es Salaam ni kurasa mbili zilizonunuliwa stesheneri, na ndani yake kuna mstari unaosema mpangaji hataongeza watu bila ruhusa. Mstari huo huonekana hauna madhara hadi mtoto wa nne azaliwe, au mpwa aje kutoka mkoani kusoma. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo karatasi mliyotia saini ndiyo ngao yenu kubwa. Afadhali waandikwe wote, watoto pamoja na msaidizi wa kazi, na iongezwe sentensi kwamba mtoto atakayezaliwa wakati wa upangaji hahesabiwi kuwa mkazi aliyeongezwa. Mama wa Mabibo alicheka aliposomewa sentensi hiyo, lakini aliikubali.

Kuhusu usalama

Watu wengi wakisikia neno usalama huwaza wezi. Kwa mtoto wa miaka miwili, hatari ya kwanza ni maji na mashimo, na hatari hizo zimo ndani ya ukuta, si nje yake. Ndiyo maana nyumba ya Goba, ambayo kwa macho ya kwanza ilikuwa salama kuliko zote, ilinitia hofu zaidi.

Goba maji ya bomba hayatoki kila siku, kwa hiyo nyumba nyingi zina tangi la kuhifadhia maji lililochimbwa chini ya ardhi. Tangi la nyumba ile lilikuwa uani, karibu na mlango wa jikoni, na mfuniko wake ulikuwa bati lililowekewa tofali juu ili lisipeperuke. Mtoto wa miaka miwili hana nguvu za kusukuma tofali, lakini kaka yake wa miaka sita anazo, na binti wa kazi huliondoa mara kadhaa kwa siku kuchota maji na huenda akaitwa ndani kabla hajalirudisha. Mfuniko unaofaa ni wa chuma au zege, unaokaa ndani ya ukingo, wenye bawaba na kufuli. Maji huchotwa kwa pampu au kwa bomba la pembeni, si kwa kufungua mfuniko. Shemeji alipoomba jambo hilo lifanyike kabla ya kuhamia, mwenye nyumba alijibu kwamba wapangaji waliotangulia hawakuwahi kulalamika. Baadaye tuliambiwa na jirani kwamba waliotangulia walikuwa vijana wawili wasio na watoto.

Mabibo hatari ya namna hiyo ilikuwa chemba ya maji taka iliyopo uani, ambayo mfuniko wake wa zege ulikuwa umepasuka katikati na pande zake kushuka kidogo. Zege la mfuniko likipasuka, kinachoushikilia ni nondo pekee, na nondo zilizo juu ya maji taka huliwa na kutu haraka. Njia ya kuupima ni rahisi: mtu mzima asiukanyage, aupige kwa fimbo au nyundo ndogo na kusikiliza. Mfuniko mzima hutoa sauti kavu ya juu, uliooza hutoa sauti nzito ya kupwaya, na vipande vidogo humeguka ukingoni. Ule wa Mabibo ulimeguka. Tofauti yake na tangi la Goba ni kwamba mama mwenye nyumba alikuwa hapo, aliuona ukimeguka, na wajukuu zake wanacheza uani uleule.

Mafuriko tuliyauliza kwa uangalifu, kwa sababu watu wa Dar es Salaam hawajasahau Desemba 2011, mvua zilipojaza bonde la Msimbazi na serikali ikawahamishia waathirika wengi Mabwepande. Sehemu za chini za Mabibo zimepakana na mito midogo inayomwaga maji yake Msimbazi, kwa hiyo jina la mtaa halitoshi. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana kabisa. Oktoba ni mwanzo wa vuli na ardhi bado ni kavu, hivyo kinachotazamwa ni alama zilizoachwa na masika. Rangi mpya iliyoishia kimo cha goti, na juu yake rangi ya zamani, inaeleza mengi. Kutu ya geti iliyoanzia chini na kukoma kwenye mstari ulionyooka inaeleza pia. Na kama milango ya nyumba za jirani imejengewa kizingiti cha saruji kirefu kama futi moja, cha kuruka ili uingie, basi hakuna haja ya kuuliza zaidi, kwa maana hakuna anayejenga kizingiti hicho kwa urembo. Nyumba ya Mabibo iko juu ya mteremko na vizingiti vyake ni vya kawaida. Hatua mia mbili kuteremka, nyumba zote zina vizingiti virefu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa salama, lakini njia ya kwenda shule ilipaswa kutazamwa upya siku za mvua.

Goba ni vilima, na maji hayatuami bali hukata ardhi. Nyuma ya ukuta wa nyumba ile kulikuwa na korongo, na pembe moja ya ukuta ilikuwa na ufa uliopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali. Ufa wa namna hiyo mara nyingi huonyesha kwamba ardhi ya chini inahama. Nyumba haitaanguka kesho, lakini watoto wasingeruhusiwa kucheza upande ule, na uwanja tuliousifu ukawa umepungua nusu.

Umeme na moto nitavieleza kwa kifupi. Mabibo nyumba nzima inatumia LUKU moja, na nyaya za kupeleka umeme vyumba vya nyuma zimepita juu ya dari bila fundi anayejulikana. Tuliomba fundi wetu aangalie, akakuta kikata umeme kinachozima chenyewe umeme unapovuja hakipo. Goba kilikuwapo. Madirisha ya nyumba zote mbili yana nondo zilizochomelewa moja kwa moja, jambo linalomzuia mwizi na pia linamfungia mtu ndani moto ukiwaka mlangoni. Dirisha moja la chumba cha watoto linatakiwa liwe na nondo zenye bawaba, na ufunguo utundikwe pale ambapo mkubwa wa watoto anaufikia na mdogo haufikii.

Ghorofa ya Kimara ilikuwa na umeme mzuri kuliko zote, na choo cha ndani, na maji muda wote. Kilichoiondoa kwenye hesabu yetu ni baraza yake. Ukingo ulikuwa wa mabomba yaliyolazwa, si yaliyosimama, na mabomba yaliyolazwa kwa mtoto ni ngazi. Hata yale yaliyosimama yasipishane zaidi ya sentimita kumi, kwa sababu penye nafasi kubwa kuliko hiyo kiwiliwili cha mtoto mdogo hupita na kichwa hubaki. Mlango wa baraza ungeweza kufungwa siku zote, lakini nguo zingeanikwa wapi?

Kuhusu wezi, tuliwauliza watu wasio na faida katika jibu: mama lishe wa kona, kinyozi, na vijana wa bodaboda. Mabibo kuna ulinzi shirikishi ambao kila kaya huchangia kila mwezi, na walinzi wanaonekana kweli usiku, maana tulikwenda saa nne usiku kuwaona. Goba kila nyumba ina ukuta wake na mbwa wake. Kwa mali, sina hakika ni ipi bora. Kwa watoto nina hakika, maana mtaa ambao mama lishe anamjua mtoto ni wa nani humrudisha nyumbani mtoto aliyepotea njia kabla mama yake hajajua kwamba amepotea. Hata hivyo ukweli wa pili nao usemwe: katika nyumba ya wapangaji wengi mtoto hukutana na watu wazima ambao mzazi hawajui, na choo kiko nje. Mdogo wangu aliweka sharti kwamba usiku watoto wasitoke bila mtu mzima wa kwao, na mchana wasiingie chumba cha mpangaji yeyote, hata akiwaita kwa pipi. Hilo si la kuandikwa kwenye mkataba, ni la kufundishwa watoto kabla ya kuhamia.

Kuhusu shule

Kwa kuwa shule za msingi za serikali hazitozi ada, familia nyingi huhesabu kwamba shule ni ya bure popote watakapohamia. Ada ni bure, lakini umbali una gharama, na gharama hiyo hulipwa kila siku.

Shule ya serikali iliyo karibu na nyumba ya Mabibo iko umbali wa mita mia saba. Tulitembea na mtoto wa pili, kwa mwendo wake na si kwa mwendo wetu, tukatumia dakika kumi na nane, kwa sababu alisimama mara mbili kutazama mbuzi. Ya Goba iko kilomita mbili na robo, yenye kilima katikati, na mtoto huyohuyo angehitaji karibu saa nzima. Ya Kimara iko karibu sana, lakini upande wa pili wa Barabara ya Morogoro iliyopanuliwa, na mtaa ule haukuwa na daraja la waenda kwa miguu karibu. Mtoto wa miaka sita hawezi kukadiria mwendo wa gari linalokuja, hata akifundishwa kutazama kulia na kushoto. Barabara ya namna ile hawezi kuivuka peke yake.

Matembezi ya majaribio yafanywe asubuhi, saa ileile ambayo mtoto atatoka. Mwezi wa Juni jua la Dar es Salaam huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na mtoto anayetakiwa kuwa shuleni saa moja akiwa anaishi Goba angetoka gizani. Wazazi wengi wa huko hulitatua hilo kwa bajaji ya kulipia kwa mwezi. Tuliyoulizia ilitaka shilingi 60,000 kwa mtoto mmoja, yaani 120,000 kwa wawili. Daladala ni matumaini ya wazazi tu, kwani makonda wanajulikana kwa kuwaacha wanafunzi vituoni kwa sababu nauli yao ni pungufu.

Ndani ya shule yenyewe tuliuliza mambo machache. Mwalimu mkuu wa Mabibo hakuficha kwamba madarasa yamejaa na kwamba darasa la kwanza na la pili husoma kwa zamu. Kwa familia nyingine zamu ni usumbufu tu. Kwa hii ilikuwa jambo la kuamua, kwa sababu mtoto wa zamu ya mchana hutoka nyumbani baada ya mama kwenda kazini, na nani atamvusha njia? Tukaomba aandikishwe zamu ya asubuhi, tukaambiwa kwamba anayewahi kuandikisha ndiye anayesikilizwa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kilikuwapo, na akaandikishwa wiki hiyohiyo, kabla hata ya mkataba wa nyumba kusainiwa. Wapo watakaosema hiyo ni haraka isiyo na maana. Mimi naona nafasi ya shule hupotea upesi kuliko nyumba.

Uhamisho wa mtoto mkubwa ulitaka mpango zaidi. Januari angeingia darasa la nne, na mwishoni mwa mwaka huo kuna upimaji wa kitaifa, ambao mtoto husajiliwa kupitia shule anayosoma. Kumhamisha katikati ya mwaka wa darasa la nne au la saba ni kujitafutia safari za ofisi ya elimu. Buguruni iko Ilala, na Mabibo kama ilivyo Goba iko Manispaa ya Ubungo, kwa hiyo uhamisho ungevuka halmashauri kwa nyumba yoyote kati ya hizo. Utaratibu tulioufuata ulianzia shule inayopokea: mwalimu mkuu wake akakubali kwa maandishi kwamba nafasi ipo, kisha barua ikapelekwa shule ya zamani, halafu ofisi za elimu za pande zote mbili zikagonga mihuri. Anayeanzia shule ya zamani hujikuta ana ruhusa ya kuondoka lakini hana pa kwenda.

Hesabu na uamuzi

Wenye nyumba wote walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mabibo kodi ni shilingi 200,000 kwa mwezi, kwa hiyo pamoja na dalali fedha ya kuingilia ilikuwa 1,400,000. Goba kodi ni 350,000, na kuingia kungetaka 2,450,000; ukiongeza bajaji ya shule, mwezi mmoja wa Goba ungegharimu 470,000, zaidi ya mara mbili ya kodi ya Mabibo. Kimara, kwa kodi ya 400,000 pamoja na dalali na ile dhamana, ilifika 3,200,000.

Nisiseme kwamba Goba haifai. Kama mama angekuwa mtu wa kushinda nyumbani, kama tangi lingefungwa kufuli, na kama familia ingekuwa na uwezo wa shule ya kulipia ambayo gari lake linapita getini, ningeichagua bila kusita, kwa ajili ya utulivu na hewa na vyumba vitatu badala ya viwili. Shemeji aliipenda hadi siku ya mwisho. Alisema amechoka kusikiliza redio za watu wengine kupitia ukutani, na hakuna aliyeweza kumjibu. Lakini zamu za muuguzi haziahirishwi, na kila tulipoihesabu siku ya Goba tulikuta kati ya saa saba mchana na saa mbili usiku binti mmoja mdogo akiwa peke yake na watoto wawili, kisha watatu, nyuma ya geti, karibu na tangi la maji.

Wakachukua Mabibo kwa masharti manne, yakaandikwa kwa mkono chini ya mkataba na kusainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Watoto wote watatu na msaidizi wa kazi walitajwa kwa majina. Zamu za vyoo ziliandikwa kwa kaya, ili asilaumiwe mtoto bali kaya yenye zamu siku hiyo. Kikata umeme kingefungwa kwa gharama ya mwenye nyumba, na nondo za dirisha moja zikatwe na kuwekewa bawaba kwa gharama ya mpangaji. Mfuniko wa chemba ungemwagwa upya kabla ya familia kuingia, na gharama yake ikatwe kwenye kodi ya mwezi wa saba.

Zege lilimwagwa Jumamosi moja ya katikati ya Novemba, likanyeshewa maji asubuhi na jioni ili lisipasuke, na kwa siku kumi uani pale palizungushiwa viti na kamba. Walihamia siku ya kumi na moja, mtoto wa miaka miwili akiwa amebebwa mgongoni hadi kamba zilipoondolewa.